Jinsi ya kuandika hesabu za pikapu ya biashara iliyonunuliwa kwa haya pachesi

Pikapu ya kusambazia mkate ikinunuliwa kwa haya pachesi, huleta vitu vitatu ndani ya daftari: gari, deni, na riba ya deni. Wafanyabiashara wengi wadogo huviandika vyote kama kitu kimoja. Kila mwezi wanalipa awamu, wanaandika "gari" na kiasi walicholipa, wanafunga daftari. Mwisho wa mwaka hawajui kama biashara imepata faida au imekula hasara, kwa sababu ndani ya ile awamu moja mna pesa za aina mbili. Sehemu yake inapunguza deni, na hiyo si gharama. Sehemu nyingine ni riba, na hiyo ni gharama ya mwezi ule. Gari lenyewe nalo lina gharama yake, uchakavu, unaoandikwa kwa hesabu tofauti kabisa, isiyojali umelipa awamu ngapi.

Nitaonyesha kazi hii kwa mfano mmoja kuanzia siku ya kuchukua gari hadi awamu ya mwisho. Hesabu ni za upande wa mnunuzi.

Mfano wetu

Bekari iko Maweni, Malindi. Huoka boflo na maandazi, na kila alfajiri mzigo hupelekwa madukani: Mambrui na Gongoni upande wa kaskazini, Gede na Watamu upande wa kusini. Mwenye bekari, mama anayefanya biashara kwa jina lake mwenyewe, aliamua kununua pikapu badala ya kuendelea kukodi. Alisaini mkataba tarehe 1 Julai 2023, na masharti yalikuwa haya:

- Bei ya taslimu ya gari: shilingi 1,500,000
- Malipo ya mwanzo: 300,000
- Baki ya kukopeshwa: 1,200,000
- Riba: asilimia 12 kwa mwaka, "flati", kwa miaka 2
- Awamu: 24 za shilingi 62,000, kila mwisho wa mwezi, ya kwanza 31 Julai 2023, ya mwisho 30 Juni 2025

Baada ya kulichukua, alimlipa fundi shilingi 60,000 taslimu amfungie rafu za kreti za mkate nyuma. Mwaka wake wa hesabu unaishia 31 Desemba.

Hatua ya kwanza: tenga bei ya gari na bei ya kukopeshwa

Shika mkataba na kikokotoo. Awamu 24 mara 62,000 ni 1,488,000. Ongeza malipo ya mwanzo 300,000, unapata 1,788,000. Hiyo ndiyo bei ya haya pachesi, pesa zote zitakazotoka mfukoni mwa mama huyu kwenda kwa kampuni. Toa bei ya taslimu, 1,500,000, inabaki 288,000. Riba yote ni hiyo.

Hesabu hii ya dakika mbili ifanye kabla ya kuandika chochote, maana mikataba mingi haitaji jumla ya riba waziwazi. Kama mkataba wako hauna bei ya taslimu, mwombe muuzaji akuandikie bei ambayo angekuuzia gari lile lile leo kwa pesa mkononi. Bila namba hiyo huwezi kutenga chochote.

Angalia pia kama ndani ya awamu wameingiza bima au ada ya traka. Makampuni mengi hufanya hivyo. Ikiwa zimo, zitoe kwanza na uziandike kwenye akaunti zake, kwani hizo si riba wala si deni la gari. Katika mfano wetu bima inalipwa kando, kwa hiyo 62,000 ni ya gari na riba tu.

Hatua ya pili: tafuta riba ya kweli

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa hapa ndipo hesabu nyingi hupinda.

Muuzaji alisema asilimia 12. Alichukua 1,200,000, akaizidisha kwa asilimia 12, akapata 144,000, akazidisha kwa miaka 2, akapata 288,000. Hesabu yake haina uongo, lakini inachukulia kwamba mama atakaa na ile 1,200,000 nzima kwa miaka miwili kamili. Hakai nayo. Mwezi wa kwanza tu anarudisha sehemu, mwezi wa pili anarudisha tena, na ikifika katikati ya mkataba anadaiwa karibu nusu. Riba inapigwa juu ya pesa ambazo tayari amesharudisha. Ukiipima riba juu ya deni lililobaki kila mwezi, kiwango chake kinakuwa kikubwa zaidi.

Kukipata kiwango hicho kwa mkono ni kazi ya kujaribu na kurudia, ila lahajedwali yoyote ya simu au kompyuta hukipata mara moja. Andika hivi:

```
=RATE(24,-62000,1200000)
```

24 ni idadi ya awamu, 62000 ni awamu yenyewe (alama ya kutoa ni kwa sababu pesa inatoka), na 1200000 ni deni la mwanzo. Jibu ni kama 0.01798, yaani asilimia 1.8 kwa mwezi. Zidisha kwa 12, unapata kama asilimia 21.6 kwa mwaka. Hiyo ndiyo "asilimia 12" ya muuzaji. Mtu anayelinganisha haya pachesi na mkopo wa sako unaotozwa juu ya baki atumie namba hii ya pili, la sivyo analinganisha vitu visivyolingana.

Fomula hii inakubali awamu zinazolipwa mwisho wa mwezi. Kama mkataba wako unataka awamu ya kwanza ilipwe siku ile ile ya kuchukua gari, ihesabu awamu hiyo kama sehemu ya malipo ya mwanzo, kisha piga fomula kwa awamu zilizobaki.

Hatua ya tatu: tengeneza jedwali la deni

Jedwali lina safu nne: awamu, riba ya mwezi, kinachopunguza deni, na deni linalobaki. Kanuni ni moja, inarudiwa mara 24. Chukua deni lililobaki mwezi uliopita, lizidishe kwa 0.018, upate riba. Toa riba hiyo kwenye 62,000. Kinachobaki ndicho kinachopunguza deni.

Mwezi wa kwanza: 1,200,000 mara 0.018 ni 21,600. Toa kwenye 62,000, inabaki 40,400. Deni linashuka hadi 1,159,600. Mwezi wa pili riba inapigwa juu ya 1,159,600, kwa hiyo inapungua, na kinachopunguza deni kinaongezeka. Miezi sita ya mwaka 2023 inakuwa hivi:

| Mwezi | Riba | Inayopunguza deni | Deni linalobaki |
|---|---|---|---|
| Julai | 21,600 | 40,400 | 1,159,600 |
| Agosti | 20,873 | 41,127 | 1,118,473 |
| Septemba | 20,133 | 41,867 | 1,076,606 |
| Oktoba | 19,379 | 42,621 | 1,033,985 |
| Novemba | 18,612 | 43,388 | 990,597 |
| Desemba | 17,831 | 44,169 | 946,428 |

Tazama jinsi awamu ya 62,000 isivyobadilika huku vilivyomo ndani yake vikibadilika kila mwezi. Julai zaidi ya theluthi moja ya awamu ilikuwa riba. Ukiendelea na jedwali hadi Mei 2025, riba ni 2,182 tu, na karibu awamu nzima inakwenda kwenye deni.

Ukifika awamu ya mwisho, Juni 2025, utakuta deni lililobaki ni 61,403, na riba kwa asilimia 1.8 ingekuwa 1,105. Ukijumlisha unapata 62,508, ilhali unalipa 62,000. Tofauti ya shilingi 508 imetokana na kukata kiwango: tulitumia 1.8 badala ya namba ndefu iliyotoka kwenye fomula. Rekebisha riba ya mwezi huo iwe 597, deni liishe sifuri, na jumla ya riba ya mkataba ije 288,000 kamili. Tofauti ya shilingi mia chache mwishoni ni ya kawaida. Ikiwa ni maelfu, rudi nyuma, kuna mwezi umekosea.

Kwa mwaka, riba inagawanyika hivi: 118,428 mwaka 2023, 147,673 mwaka 2024, na 21,899 mwaka 2025.

Wapo wanaogawa 288,000 kwa 24 na kuandika 12,000 kila mwezi. Ni rahisi, na kwa deni dogo la miezi michache sitagombana na mtu. Lakini kwa mkataba huu njia hiyo ingeonyesha riba ya 72,000 tu kwa mwaka 2023 badala ya 118,428. Biashara ingeonekana na faida zaidi mwaka wa kwanza, na mzigo ungesukumwa kwenye miaka ya baadaye wakati deni lenyewe limekaribia kwisha. Ukishakuwa na jedwali, hakuna sababu ya kufanya hivyo.

Hatua ya nne: andika siku ya kuchukua gari

Swali linaloulizwa kila mara ni hili: gari si letu mpaka awamu ya mwisho, na logibuku inashikwa na kampuni, sasa tutaliandikaje kuwa mali yetu? Kisheria ni kweli, umiliki hauhami mpaka malipo yakamilike. Lakini hesabu zinaangalia nani anatumia gari na nani anabeba hasara yake. Pikapu inabeba mkate wa bekari, mafuta na matengenezo ni ya bekari, na ikipinduka njia ya Marafa leo, awamu ya mwisho wa mwezi bado inadaiwa. Kwa hiyo gari linaandikwa kuwa mali ya biashara tangu siku ya kwanza, na deni lake linaandikwa upande wa pili.

Linaandikwa kwa bei ya taslimu, si kwa 1,788,000. Riba si sehemu ya thamani ya gari. Ni malipo ya kupewa muda.

Tarehe 1 Julai 2023:

- Debiti Gari 1,500,000. Krediti Deni la Gari 1,500,000
- Debiti Deni la Gari 300,000. Krediti Benki 300,000

Baada ya maandiko haya, akaunti ya Deni la Gari ina baki ya krediti ya 1,200,000, sawa kabisa na mstari wa juu wa jedwali.

Kisha zile rafu za fundi:

- Debiti Gari 60,000. Krediti Benki 60,000

Rafu zimeingia kwenye gari kwa kuwa bila rafu pikapu ile haiwezi kufanya kazi iliyonunuliwa kufanya, na zitadumu nalo kwa miaka. Bima ya mwaka, mafuta ya tangi la kwanza na mshahara wa dereva haviingii hapa. Hizo ni gharama za kuendesha gari. Akaunti ya Gari sasa inasoma 1,560,000.

Jambo moja la kuangalia kwa biashara za mtu mmoja: ile 300,000 ilitoka wapi? Kama mama aliitoa kwenye akiba yake ya nyumbani au kwenye mchezo, na haikupita benki ya bekari, basi krediti haiendi Benki, inakwenda Mtaji. Ukiiandika Benki, daftari lako la benki halitalingana na taarifa ya benki na utatafuta kosa kwa wiki.

Hatua ya tano: andika kila awamu kwa maandiko mawili

Kila mwisho wa mwezi, kwanza andika riba, ndipo uandike malipo. Tarehe 31 Julai:

- Debiti Riba ya Haya Pachesi 21,600. Krediti Deni la Gari 21,600
- Debiti Deni la Gari 62,000. Krediti Benki 62,000

Riba imeongeza deni, awamu imelipunguza, na baki ya akaunti ni 1,159,600, kama jedwali linavyosema. Kila mwezi linganisha baki ya akaunti na safu ya mwisho ya jedwali. Zikilingana umemaliza.

Kwa nini maandiko mawili na si moja? Kwa sababu riba haisubiri malipo. Miezi ya Aprili hadi Juni, hoteli nyingi za Watamu zikiwa zimefunga au zina wageni wachache, mauzo ya mkate hushuka, na awamu huweza kuchelewa. Hata hivyo mwezi umepita na riba yake imeshazaliwa. Tuseme awamu ya Desemba 2023 ililipwa tarehe 4 Januari 2024. Riba ya 17,831 bado ni ya Desemba na inaandikwa tarehe 31 Desemba. Deni kwenye mizania siku hiyo litakuwa 990,597 jumlisha 17,831, yaani 1,008,428. Mtu anayeandika riba siku anapolipa tu, angeisukuma riba ile kwenye mwaka mwingine bila kujua.

Faini ya kuchelewa, ikitozwa, iandike kwenye akaunti yake mwenyewe. Ada za kutuma pesa kwa simu vilevile. Ukizitupa ndani ya Deni la Gari, jedwali na akaunti vitaachana na hutapata baki kulingana tena.

Hatua ya sita: uchakavu wa gari

Sasa liache deni kando. Uchakavu hauulizi umelipa kiasi gani. Unauliza gari litafanya kazi miaka mingapi, na litauzwa bei gani likishachoka.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni kugawa bei ya gari kwa miaka 2 kwa sababu mkataba ni wa miaka 2. Mkataba ukiisha gari halifi. Linabaki na bekari, sasa bila deni. Kwa kuwa mama anatarajia kumaliza awamu na kulimiliki, uchakavu unafuata maisha ya gari.

Kuyakadiria maisha hayo kunataka uaminifu na kujua barabara zako. Pikapu hii kila siku inafika Gongoni, karibu na mashamba ya chumvi, na inalala Malindi, penye hewa ya bahari. Bodi na chasisi hula kutu mapema kuliko gari lile lile likiwa Nairobi. Inaanza na kusimama mara nyingi kila asubuhi, duka hadi duka, kwa hiyo klachi na breki hazina raha. Mwenye bekari na fundi wake walikubaliana miaka 5, na kwamba baada ya hapo itauzwa kwa kama 360,000. Hayo ni makadirio yao kwa gari hili. Gari la kubeba saruji Marafa lingepewa miaka pungufu ya hiyo.

Hesabu: 1,560,000 toa 360,000 ni 1,200,000. Gawa kwa miaka 5, unapata 240,000 kwa mwaka, au 20,000 kwa mwezi. Mwaka 2023 gari lilifanya kazi miezi 6, kwa hiyo uchakavu ni 120,000:

- Debiti Gharama ya Uchakavu 120,000. Krediti Limbikizo la Uchakavu 120,000

Usiipunguze akaunti ya Gari moja kwa moja. Iache isome 1,560,000 mpaka siku gari litakapouzwa, na limbikizo likae kando yake. Kwa njia hiyo, hata baada ya miaka mitatu, mtu anaweza kuona lilinunuliwa bei gani na limechakaa kiasi gani.

Jambo la kodi lisikusumbue hapa, ila lijue: KRA haikubali uchakavu wako wa vitabuni kama gharama ya kodi. Ukijaza ritani, uchakavu unaurudisha kwenye faida, kisha unadai punguzo la uchakavu kwa kiwango kilichowekwa na sheria ya kodi ya mapato. Kwa hiyo hakuna faida ya kodi katika kuukuza uchakavu wa daftari.

Hatua ya saba: toa taarifa za mwaka

Kwenye faida na hasara ya mwaka 2023, pikapu hii inaonekana mara mbili tu ukiacha mafuta, bima na matengenezo: riba 118,428 na uchakavu 120,000. Jumla 238,428.

Linganisha na pesa zilizotoka. Malipo ya mwanzo 300,000, rafu 60,000, awamu sita 372,000. Jumla 732,000. Ukiandika pesa zote zilizotoka kuwa gharama, bekari ingeonekana imepata hasara kubwa mwaka ule, na mwenyewe angeweza kupandisha bei ya boflo au kumwachisha kazi mwokaji kwa sababu ya hasara ambayo haipo. Upande wa pili, asiyetazama pesa kabisa atashangaa mbona daftari lina faida na benki haina kitu. Taarifa zote mbili zinahitajika. Mwaka 2024 gharama ni 147,673 na 240,000, jumla 387,673, ilhali pesa zilizotoka kwa awamu ni 744,000. Huo ndio mwaka mgumu wa pesa, na ni vizuri kuujua Januari kuliko kuugundua Mei.

Mizania ya 31 Desemba 2023 itaonyesha:

- Gari 1,560,000, kutoa limbikizo la uchakavu 120,000: 1,440,000
- Deni la gari la kulipwa ndani ya mwaka mmoja: 596,327
- Deni la gari la kulipwa baada ya mwaka mmoja: 350,101

Ile 596,327 ni jumla ya safu ya "inayopunguza deni" kwa miezi 12 ya mwaka 2024. Usiandike 744,000, ambayo ni awamu 12 nzima, kwani ndani yake mna riba ya mwaka ambao haujaanza. Riba ya kesho si deni la leo. Sehemu hizi mbili zikijumlishwa zinarudi 946,428, ile baki ya Desemba.

Hatua ya nane: tumia daftari unapozungumza na kampuni

Akaunti iliyoandikwa vizuri inasaidia zaidi ya kutoa taarifa. Tuseme Juni 2024, baada ya awamu 12, mama amepata pesa na anataka kumaliza deni mara moja. Akauliza ofisini, akaambiwa alete awamu 12 zilizobaki, 744,000. Daftari lake linasema deni ni 664,207. Tofauti ya 79,793 ni riba ya miezi ambayo hatakaa na pesa za kampuni. Kama atapunguziwa yote, nusu, au asipunguziwe, kunategemea mkataba na mazungumzo, lakini sasa anajua ni kiasi gani kinachozungumzwa. Akikubaliana kulipa, kwa mfano, 700,000, ataandika riba ya 35,793 kuwa gharama ya kumaliza mapema, kisha malipo ya 700,000, na akaunti ya deni ifunge sifuri.

Namba nyingine ya kuiweka alama ni theluthi mbili. Sheria ya Kenya ya haya pachesi, kwa mikataba inayoihusu, inasema mnunuzi akishalipa theluthi mbili ya bei ya haya pachesi, mwenye gari hawezi kulinyakua bila kwenda mahakamani. Theluthi mbili ya 1,788,000 ni 1,192,000. Baada ya awamu 14 mama amelipa 300,000 na 868,000, jumla 1,168,000, bado kidogo. Awamu ya 15, mwisho wa Septemba 2024, inamfikisha 1,230,000. Hapa kinachohesabiwa ni pesa zote alizolipa pamoja na riba, kwa hiyo usitumie safu ya deni. Hesabu risiti. Sheria hiyo haimhusu mnunuzi aliye kampuni iliyosajiliwa, na mikataba ya bei kubwa kupita kikomo chake haimo, kwa hiyo uliza kabla ya kuitegemea.

Jinsi ya kutambua kosa kwa kuangalia akaunti

Baada ya awamu ya mwisho, 30 Juni 2025, Deni la Gari lazima lisome sifuri. Likisoma kitu kingine, kiasi chenyewe huwa kinakuonyesha pa kutafuta.

Ikiwa lina debiti ya 288,000, basi uliandika awamu zote lakini riba hukuiandika hata mara moja, na faida za miaka mitatu zimepanda kwa kiasi hicho. Ikiwa ni sifuri lakini akaunti ya Gari inasoma 1,848,000, uliandika gari kwa bei ya haya pachesi pamoja na rafu. Riba imejificha ndani ya gari na inatoka polepole kama uchakavu. Ikiwa debiti au krediti ni 62,000 kamili, kuna awamu imeandikwa mara mbili au imesahaulika, na taarifa ya benki itakuonyesha ni ya mwezi gani.

Debiti ndogo isiyo na umbo, kama elfu tatu au nne, mara nyingi ni faini au ada iliyoingia ndani ya Deni la Gari. Pitia upande wa malipo, mstari kwa mstari, utafute kiasi chochote ambacho si 62,000.

Kwa mama wa Maweni, akaunti ikifunga sifuri siku ile, gari litakuwa limechakaa 480,000 na litasoma 1,080,000 vitabuni. Ataandikia kampuni barua ya kuomba logibuku, na uchakavu wa 20,000 utaendelea kila mwezi mpaka Juni 2028, bila riba na bila awamu.